Vipele vya jua la kwanza: uso uliobaki safi ndio uliotoa jibu

Dada mmoja wa miaka 31 alifika kliniki siku ya Jumatatu akijikuna mikono. Jumamosi iliyotangulia alikaa uwanjani kuanzia saa nne asubuhi hadi saa nane mchana akimtazama mwanawe akicheza mpira. Alivaa blauzi isiyo na mikono na yenye shingo iliyochongoka kifuani. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza ya jua kali baada ya miezi ya baridi na mawingu, na katika miezi hiyo alikuwa akivaa nguo za mikono mirefu na kufanya kazi ndani.

Akiwa uwanjani hakuhisi chochote. Mwasho ulianza jioni, kama saa kumi na mbili, kwanza upande wa nje wa mikono kisha kifuani. Asubuhi ya Jumapili vipele vilikuwa vimetoka, na usiku wake alilala kwa tabu. Nilipomuuliza kama yamewahi kumtokea kabla ya hapo, alisema huu ni mwaka wa tatu. Mwaka wa kwanza alidhani ni joto. Mwaka wa pili alilaumu sabuni ya kufulia, akaibadilisha, na vipele vilipoondoka baada ya siku kumi akaamini sabuni ndiyo iliyokuwa na kosa. Halafu akasema jambo ambalo wagonjwa wengi wa aina hii husema wakidhani halina maana: "Daktari, cha ajabu ni kwamba katikati ya msimu naweza kukaa juani kutwa nzima na nisipate kitu."

Ngozi yake ni nyeusi, na hapo ndipo kisa kama hiki hupotea mikononi mwa mtu anayetafuta wekundu. Kwa kumtazama kutoka upande wa pili wa meza ungesema hana kitu. Nilizima taa ya juu na kumulika mkono kwa tochi kutoka pembeni, vipele vikaonekana kwa vivuli vyake: vidogo vya milimita moja hadi tatu, vigumu kidogo, vyenye rangi ile ile ya ngozi au nyeusi zaidi kwa kiasi, vimesongamana. Ukipitisha vidole unavihisi kabla ya kuviona. Sura hii ya vipele vidogo sana, ukubwa wa kichwa cha pini, ni ya kawaida kwa watu wenye ngozi nyeusi, ilhali kwa wenye ngozi nyeupe mara nyingi huwa ni mabaka mekundu yaliyoinuka.

Nilipomaliza kutazama vipele nilianza kutafuta mahali ambapo havipo. Chini ya mkanda wa saa yake palikuwa na ukanda wa ngozi laini kabisa. Kifuani vipele viliishia pale pale blauzi ilipoanzia, mpaka ulionyooka. Chini ya kidevu, mahali ambapo kidevu chenyewe huweka kivuli, hapakuwa na kitu, wala nyuma ya masikio, wala katikati ya vidole. Ndani ya mikono, upande unaogeukia mwili, vilikuwa vichache mno. Mpaka hapo ramani ilisema wazi kwamba chanzo ni mwanga.

Lakini uso pia ulikuwa safi. Ulipigwa na jua lile lile kwa saa nne zile zile bila kofia, na haukutoa hata kipele kimoja. Migongo ya viganja ilikuwa na vichache tu. Mtu anaweza kuona hilo kama hoja ya kukataa jua, kwa sababu kama ni jua, mbona uso umepona? Kwangu ndilo lililonipa jibu. Uso na viganja havifichwi wakati wa baridi. Vilikuwa vimepata mwanga kidogo kidogo kila siku kwa miezi yote ile, hata siku za mawingu. Mikono na kifua vilikuwa gizani chini ya nguo, kisha vikatolewa ghafla mchana kweupe. Ngozi ya mtu mmoja, siku moja, jua moja: sehemu iliyozoea ikavumilia na sehemu isiyozoea ikawaka.

Ugonjwa wenyewe huitwa upele wa mwanga wa maumbo mengi. Maumbo ni mengi kati ya mtu na mtu: huyu vipele vidogo, yule mabaka, mwingine malengelenge. Kwa mtu yule yule sura hujirudia karibu ileile kila mwaka. Huwapata wanawake zaidi ya wanaume, mara nyingi huanza kati ya ujana na miaka arobaini, na huonekana zaidi katika nchi zenye majira ya baridi marefu kuliko karibu na ikweta, ambako ngozi haipati nafasi ya kusahau jua.

Kwa nini jua lile lile liwashe mmoja na kumwacha mwingine? Miale ya urujuanimno inapoingia kwenye ngozi hubadilisha baadhi ya molekuli zake, na molekuli iliyobadilishwa inaweza kuonekana na mfumo wa kinga kama kitu kigeni. Hilo hutokea kwa watu wote. Kinachowaokoa wengi ni kwamba miale hiyo hiyo pia hutuliza kinga ya ngozi: seli za Langerhans, zile zinazokaa kwenye tabaka la juu zikilinda zamu, huondoka baada ya kupigwa na jua, na seli nyingine huingia zikiwa na ujumbe wa kupoza. Kwa watu wa kundi hili kupoza huko ni kudogo. Seli za Langerhans hubaki mahali pake, hukiona kitu kigeni, na huita seli nyeupe za damu. Mwitikio wa namna hii ni wa polepole, unahitaji saa kadhaa na pengine siku mbili, na ndiyo maana dada huyu alitoka uwanjani akiwa mzima na kuanza kujikuna jioni.

Muda huo, kati ya jua na mwasho, ni kipimo ambacho hakigharimu kitu na ndicho ninachokiuliza kwanza. Angekuwa amevimba na kuwashwa ndani ya dakika tano au kumi akiwa bado juani, kisha yote yakaisha saa chache baada ya kuingia kivulini, ningefikiria mabaka ya mzio yanayoletwa na jua, ambao ni ugonjwa mwingine wenye tiba nyingine. Ngozi ingekuwa inauma kuliko kuwasha, imewiva sehemu yote kwa usawa na kuanza kubambuka, hapo ni kuungua na jua. Vipele vya joto navyo hupenda mahali pa jasho, yaani chini ya nguo, kwapani na kwenye mikunjo, ambako kwake kulikuwa safi. Nilimuuliza dawa zote anazotumia, hata za kupaka, kwa sababu doksisiklini, baadhi ya dawa za kuongeza mkojo na jeli ya ketoprofeni inayopakwa kwenye maungo yanayouma zinaweza kuifanya ngozi iwake juani. Hakuwa anatumia yoyote. Jumamosi hiyo hakuwa amepaka losheni ya jua pia, kwa hiyo hatukuwa na haja ya kushuku mzio wa losheni yenyewe, jambo ambalo hutokea na huchanganya sana, maana upele huja mahali pale pale palipopakwa na kupigwa na jua.

Ugonjwa mmoja tu ulinifanya niagize kipimo cha damu: lupasi, ambapo kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe. Upele wa lupasi nao huletwa na jua, nao hupenda mikono na kifua. Tofauti ni kwamba hukaa wiki nyingi, huwa na magamba, unaweza kuacha makovu, na mara nyingi huja na mambo mengine: vidonda mdomoni, kunyonyoka nywele, maungo kuuma na kukakamaa asubuhi, uchovu usioeleweka. Dada huyu hakuwa na hata moja, na vipele vyake vya miaka iliyopita viliisha ndani ya wiki mbili bila kovu. Hata hivyo niliagiza kingamwili dhidi ya viini vya seli pamoja na ile iitwayo Ro, kwa sababu matibabu niliyokuwa nayafikiria kwa baadaye ni ya kumpa mwanga, na mwanga unaweza kuiamsha lupasi ya mtu vibaya. Majibu yalirudi hasi. Kuna wagonjwa wa upele huu ambao kipimo cha kwanza huwa chanya kidogo bila lupasi yoyote, kwa hiyo chanya hafifu peke yake isimtie mtu hofu, ila impeleke kwa daktari wa ngozi.

Kwa vipele vilivyokwisha kutoka tiba ilikuwa fupi. Krimu ya betamethasoni ya asilimia 0.1, mara mbili kwa siku kwenye mikono na kifua, mpaka vilainike. Kwake ilichukua siku tano. Nilimkataza kuitumia usoni, ambako steroidi ya nguvu hiyo huchubua na kukondesha ngozi. Nilimwambia abaki kivulini wiki hiyo. Kidonge cha setirizini usiku kilimsaidia kulala, lakini sikumwahidi makubwa, kwa kuwa mwasho huu hauendeshwi hasa na histamini ambayo vidonge hivyo huizuia. Palibaki madoa meusi yaliyofifia kwa miezi miwili hivi, na nilimsihi asiyashambulie kwa krimu za kung'arisha ngozi. Yanaisha yenyewe, na ngozi iliyochubuliwa huwa dhaifu zaidi mbele ya jua.

Akauliza swali la haki: mwaka jana alipaka losheni ya SPF 30 na bado alitoka vipele, je, losheni haifai? Namba ya SPF inaeleza hasa kinga dhidi ya kuungua, na kuungua huletwa zaidi na miale iitwayo UVB. Upele huu mara nyingi huamshwa na UVA, ambayo huzama zaidi ndani ya ngozi na hupita kwenye kioo cha kawaida. Losheni inaweza kumzuia mtu asiungue huku ikiruhusu UVA ya kutosha, na kwa kuwa haungui hukaa juani muda mrefu zaidi. Nilimwambia atafute yenye SPF 50 au zaidi na yenye herufi UVA ndani ya duara kwenye chupa. Kisha kiasi: kwa kila mkono mzima, mistari miwili ya losheni, mmoja kwenye kidole cha shahada na mwingine kwenye kidole cha kati, kutoka shina la kidole hadi ncha. Watu wengi hupaka chini ya nusu ya hapo. Irudiwe kila baada ya saa mbili akiwa nje. Shati la mikono mirefu lililofumwa kwa kubana linashinda losheni yoyote, na usahihi wake hautegemei mkono wa mpakaji. Nilimtahadharisha pia kuhusu dirisha la pembeni la gari: akisafiri saa tatu mkono ukiwa dirishani, kioo kikiwa kimefungwa, bado anaweza kutoka vipele upande mmoja tu.

Sasa kuhusu kuizoeza ngozi, jambo lililokuwa kiini cha kisa chake. Alikuwa amekwisha kulifanya bila kujua. Ndiyo maana katikati ya msimu hakupata kitu. Mwanga wa kiasi kidogo unaorudiwa hufanya mambo mawili. Ngozi ya juu huongezeka unene na rangi, hivyo miale michache hupenya. La pili nadhani ndilo kubwa: kinga ya ngozi hujifunza kupoa kama ya watu wengine, na seli za Langerhans huanza kuondoka zinapopigwa na mwanga kama inavyotakiwa. Kazi yetu ilikuwa kumfikisha kwenye hali hiyo kabla ya jua kali badala ya kupitia vipele kila mwaka.

Vipele vya mwaka huu vilipokwisha kabisa, tulianza na dakika tano za jua kwenye mikono na sehemu ya juu ya kifua, bila losheni, siku moja ndiyo na moja hapana. Saa alizichagua kwa kivuli chake: kivuli kikiwa kirefu kuliko yeye, jua ni la wastani na anaweza kutoka, kikiwa kifupi kuliko yeye, arudi ndani au avae shati. Kila baada ya mara mbili au tatu zisizo na mwasho aliongeza dakika mbili hadi tatu. Muda ukiisha, shati au losheni, bila kujidanganya kwa "dakika kumi za mwisho". Mara moja alitoka vipele vichache kwenye kiwiko. Hapo hakusukuma mbele. Alisimama mpaka vikaisha, akarudi kwenye muda aliouvumilia mara ya mwisho, akaanzia hapo. Kuendelea juu ya vipele vilivyokwisha kuamka ni kuifundisha ngozi kinyume cha unachotaka.

Dakika hizo zilipimwa kwa ngozi yake. Mtu mwenye ngozi nyeupe inayoungua haraka anahitaji kuanza chini zaidi, na yeyote aliyewahi kupata saratani ya ngozi, mwenye lupasi, au anayetumia dawa za kuifanya ngozi iwake asijaribu zoezi hili peke yake. Wala lengo si kufikia rangi fulani. Ukifika mahali unapoweza kufanya shughuli zako za kawaida bila vipele, hapo panatosha, kwa sababu kila dakika ya ziada inaongeza uharibifu wa jua bila faida mpya.

Wiki ya sita alikuwa anakaa nje dakika thelathini bila tatizo, nasi tukadhani kazi imekwisha. Kisha zikaja mvua, kazi ikamweka ofisini, akafunika mikono kwa muda wa wiki sita hivi. Jua liliporudi alikwenda mkutano wa nje wa siku nzima akiwa na mikono wazi, kwa imani kwamba ngozi imekwisha kuzoea. Jioni akanipigia simu: vipele vimerudi, vichache kuliko vya kwanza lakini vile vile. Uzoefu wa ngozi haukai kama chanjo. Ukiinyima mwanga, huanza kupungua, na baada ya wiki nne hadi sita sehemu kubwa huwa imeondoka. Ili ubaki nao lazima uendelee kuilisha ngozi mwanga kidogo, hata mara moja au mbili kwa wiki, na ukikosa mwezi mzima rudi nyuma kwenye hatua za mwanzo. Jambo hili wagonjwa wengi hawaambiwi, na wanapopata vipele tena huona zoezi zima halina maana.

Kwa msimu uliofuata tulijadili njia ya hospitali, kwa sababu hapendi kutegemea hali ya hewa na alikuwa na safari ya ufukweni ambayo tarehe yake haingeweza kubadilishwa. Tiba ya mwanga hutumia UVB ya wigo mwembamba, yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 311, mgonjwa akisimama ndani ya kabati lenye taa. Kwanza hupimwa kiwango cha mwanga kinachoanza kuiunguza kidogo ngozi yake: vijisehemu vidogo mgongoni hupigwa kwa viwango tofauti na kusomwa baada ya saa 24. Dozi ya kuanzia huwa kama asilimia 70 ya kiwango hicho, kisha huongezwa asilimia 10 hadi 20 kwa kila kikao. Vikao ni mara tatu kwa wiki kwa takriban wiki tano, na hupangwa viishe jua kali linapokaribia. Ratiba ikikamilika mapema mno, faida yake hufifia kabla ya kutumiwa.

Wakati wa vikao vipele vidogo kutoka ni jambo la kawaida, na si sababu ya kukimbia. Yeye alitoka vipele katika kikao cha nne. Dozi ikabaki pale pale kwa mara mbili, akapaka krimu yake ya steroidi baada ya kila kikao, kisha wakaendelea. Kwa mtu ambaye kabati hilo haliko karibu naye na safari yake ni fupi, daktari anaweza kumpa prednisoloni ya kumeza, mara nyingi miligramu 25 kwa siku kwa siku zisizozidi saba, aanze mara vipele vinapojitokeza. Ninaiona kuwa njia ya dharura kwa safari moja, na haifai kuwa mpango wa kila mwaka.

Alikwenda ufukweni wiki mbili baada ya kikao cha mwisho. Siku ya kwanza alivaa shati mchana, akafunua mikono asubuhi na jioni. Siku ya tatu aliwashwa kidogo begani, mahali ambapo mkanda wa nguo aliyokuwa akivaa ndani ya kabati ulikuwa umezuia mwanga. Kipande hicho kilikuwa hakijazoezwa. Aliporudi alinionyesha: mstari mwembamba wa vipele begani, na pande zote mbili ngozi safi. Msimu huu anaingia kwenye kabati na nguo isiyo na mikanda.